Hita ya maji inapopiga shoti, inapokata breka au inapodondosha: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Mwongozo huu unahusu hita ya tangi ya lita 50 yenye elementi ya kilowati 2, aina inayofungwa ukutani juu ya bafu katika nyumba nyingi za Arusha, Moshi na Mbeya, ikipata maji kutoka kwenye tangi lililo juu ya paa. Umeme ni wa volti 230, kwa hiyo hita hiyo huvuta takribani ampea 8.7. Ikifungwa vizuri huwa na waya wake peke yake kutoka kwenye ubao wa breka, breka ya ampea 16, kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5 yenye nyaya tatu, swichi ya poli mbili ya ampea 20 iliyo nje ya mlango wa bafu, vali ya usalama kwenye njia ya maji baridi, na waya wa ethi unaounganisha hita na mabomba yote ya chuma yanayoingia bafuni. Hitilafu nyingi zinazoelezwa hapa hutokana na kimojawapo cha vitu hivyo kutokuwepo, au kuwepo kwa sura tu.

Kufungua kifuniko cha hita na kupima ndani yake ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwenye nyumba anaweza kufanya yale yanayohusu kuzima, kutazama, kusikiliza na kuandika saa ambayo tatizo linatokea. Hilo la mwisho hupuuzwa sana, ilhali mara nyingi ndilo linalomwonyesha fundi pa kuanzia.

Bomba au koki inapiga shoti

Mtu akisema anahisi mtekenyo anaposhika koki ya bafu, zima swichi kuu ya nyumba na uzuie watu wasioge hadi chanzo kijulikane. Mtekenyo mdogo leo unaweza kuwa mauti kesho, kwa sababu ngozi iliyolowa na miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji hupitisha mkondo kwa urahisi zaidi kuliko mkono mkavu uliogusa koki kwa kujaribu.

Bisibisi ya testa haitoshi kwa kazi hii. Taa yake ndogo huweza kuwaka kwa umeme hafifu usio na nguvu ya kumdhuru mtu, na pia huweza kukosa kuonekana vizuri mchana. Fundi apime kwa mita: ncha moja kwenye koki, nyingine kwenye chuma kilichoshindiliwa katika udongo wenye unyevu nje ya nyumba, mbali kidogo na fimbo ya ethi. Kisha aulize swali moja kabla ya kufungua chochote: je, volti zile zinaondoka swichi ya hita inapozimwa?

Zikiondoka, hita ndiyo mtuhumiwa. Elementi huwa ni waya wa moto uliofunikwa na unga mkavu ndani ya bomba jembamba la chuma. Bomba hilo likipasuka, maji huingia, na umeme hupata njia ya kufika kwenye mwili wa tangi. Kama waya wa ethi ungekuwa mzima na breka ya mvujo, ile inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, ipo, umeme ungekatika mara moja. Kwa hiyo mtu anapopigwa shoti na hita mbovu, kwa kawaida kuna hitilafu mbili: elementi imeharibika, na ulinzi uliopaswa kuikamata haukuwepo. Anayebadilisha elementi na kuondoka ametengeneza nusu.

Zisipoondoka, habari ni tofauti, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Nieleze nyumba moja niliyoitwa Arusha. Hita ilikuwa na umri wa miezi miwili. Familia ilikuwa ikipigwa shoti bafuni, lakini jioni tu. Fundi wa kwanza aliikata nyaya ya ethi ya hita, na shoti ikaisha, akalipwa. Alichofanya ni kuiondolea hita kinga yake. Siku elementi itakapopasuka, tangi zima lingekaa na volti 230 bila kitu cha kuukata umeme ule.

Niliurudisha waya huo, nikangoja jioni, nikapima. Koki ilionyesha volti 112. Nikazima swichi ya hita, na mita ikabaki palepale kwenye 112. Nikaenda kwenye ubao na kuzima breka moja baada ya nyingine huku mwenzangu akiangalia mita. Nilipozima breka ya pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu, mita ilishuka hadi sifuri. Pampu hiyo iliwashwa kila jioni, na ndiyo maana shoti ilikuja jioni.

Mota ya pampu ilikuwa imelowa ndani na kuvujisha umeme kwenye mwili wake. Mwili ule uliunganishwa na ethi ya nyumba, kama inavyopaswa. Lakini ethi yenyewe ilikuwa fimbo moja iliyopigwa kwenye kifusi kikavu karibu na ukuta, na kipima ethi kilionyesha omu 85. Gawanya volti 112 kwa omu 85, unapata ampea 1.3 zilizokuwa zikienda ardhini kupitia fimbo ile. Breka ya ampea 16 haiuoni mkondo mdogo namna hiyo. Hata kama waya wa moto ungegusa mwili wa pampu moja kwa moja, mkondo kupitia omu 85 usingefika ampea 3, na breka ingeendelea kukaa juu kana kwamba hakuna kitu. Wakati huohuo kila kilichounganishwa na ethi hiyo, hita na koki yake ikiwemo, kilipanda hadi volti 112 pamoja na pampu. Hita haikuwa na kosa. Ilikuwa mlango ambao umeme wa pampu uliutumia kuingia bafuni.

Tiba ilikuwa na sehemu nne. Kwanza, pampu ikatengenezwa. Pili, tukafunga breka ya mvujo ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa herufi T, kwa ajili ya nyumba nzima. Hii ndiyo tiba kubwa: miliampea 30 kupitia omu 85 huinua ethi kwa volti kama 2.5 tu kabla ya umeme kukatwa, na volti 2.5 hazimdhuru mtu. Tatu, tukapiga fimbo mbili zaidi mahali penye unyevu, tukiziachanisha kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, na ethi ikashuka hadi omu 22.

Sehemu ya nne ilikuwa mabomba. Nyumba ile ilikuwa na bomba la chuma la maji baridi, la maji moto, na bomba la zamani la chuma la maji machafu lililopita chini ya sakafu. La mwisho lilikuwa limegusana na udongo, kwa hiyo lilikaa kwenye volti sifuri huku koki ikiwa na volti 112. Mtu aliyekanyaga wavu wa maji machafu na kushika koki alijiweka katikati ya hizo mbili. Kuunganisha mabomba na ethi kunafanya vyuma vyote ambavyo mtu anaweza kuvigusa kwa pamoja viwe vinapanda na kushuka volti pamoja, ili pasiwe na tofauti ya kumpitia. Tulikwangua rangi na kutu, tukafunga klampu ya ethi kwenye kila bomba, na kuviunganisha vyote pamoja na mwili wa hita kwa waya wa kijani na njano wa milimita za mraba 4. Baada ya hapo mita inapaswa kuonyesha karibu sifuri kati ya bomba na bomba, isiyozidi sehemu ya kumi ya omu. Ikionyesha omu kadhaa, klampu imekaa juu ya rangi. Bomba kuu la chuma linapoingia ndani ya nyumba huunganishwa na ukanda mkuu wa ethi kwa waya mnene zaidi, kwa kawaida wa milimita za mraba 10.

Kazi hii ina mpaka wake. Sakafu ya zege iliyolowa nayo hupitisha umeme, na haina mahali pa kufungia klampu. Kwa hiyo kuunganisha mabomba hakuchukui nafasi ya breka ya mvujo. Kwa upande mwingine, nyumba yenye mabomba ya plastiki tupu haihitaji klampu kwenye kila kiwiko cha shaba kilichokaa peke yake kati ya plastiki mbili; kinachohitaji ethi hapo ni mwili wa hita. Wala usiitegemee hozi ya kuunganishia yenye wavu wa chuma kwa nje, kwa kuwa ndani yake ni mpira na wavu ule haukutengenezwa kuwa waya wa ethi.

Breka ya mvujo inakata hita inapowashwa

Baada ya kufunga breka ya mvujo, baadhi ya wenye nyumba hulalamika kwamba "breka mpya ni mbovu." Mara nyingi ni nzima, na inaonyesha ugonjwa uliokuwepo kabla yake. Saa ya kukata ndiyo inayoeleza. Ikikata papo hapo, elementi imepasuka, au fundi ameunganisha nyutro na ethi ndani ya hita. Ikikata baada ya dakika kadhaa, maji yakiwa yameanza kupata moto, ufa wa elementi ni mdogo na hufunguka kwa joto. Ikikata siku za mvua tu, tafuta kiungo cha waya kilicholowa darini badala ya kuilaumu hita.

Hapa swichi ya poli mbili inaonyesha faida ambayo wengi hawaijui. Swichi ya kawaida hukata waya wa moto peke yake, na nyutro hubaki imeunganishwa. Elementi iliyopasuka karibu na upande wa nyutro inaweza kuendelea kuikata breka ya mvujo hata swichi ikiwa imezimwa, kwa sababu mkondo wa vyombo vingine hupata njia ya pembeni kupitia nyutro ile hadi kwenye ethi. Fundi huhangaika nyumba nzima. Kwa swichi ya poli mbili, nyaya zote mbili hukatwa. Breka ikitulia swichi ikizimwa na kukata ikiwashwa, hitilafu iko upande wa hita, na utafutaji umekwisha. Swichi hiyo hulinda pia pale ambapo mtu aligeuza waya wa moto na nyutro kwenye ubao: kwa swichi ya poli moja, hita iliyozimwa ingebaki na volti 230 kwenye elementi huku fundi akidhani iko salama.

Elementi hupimwa kwa hatua mbili. Kwa mita ya kawaida, elementi nzima ya kilowati 2 huonyesha takribani omu 26. Ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, imekatika, na maji hayatapata moto. Kisha insulesheni hupimwa kwa mega ya volti 500 kati ya ncha za elementi na mwili wa hita, nyaya zikiwa zimefunguliwa. Chini ya megaomu 1, ibadilishwe. Mita ya kawaida peke yake inaweza kupitisha elementi mbovu, kwa kuwa betri yake haina nguvu ya kuonyesha ufa unaofunguka kwa volti 230.

Elementi mpya inayokufa siku ileile karibu kila mara iliwashwa kabla tangi halijajaa. Fungua koki ya maji moto, jaza tangi, na ungoje hadi maji yatoke mfululizo bila kutema hewa. Ndipo uwashe swichi.

Swichi inapata moto au inanuka

Zima umeme kwenye ubao, fungua swichi, na utazame ni wapi palipoungua. Kama skrubu moja tu imebadilika rangi na plastiki iliyoizunguka imekuwa ya kahawia, ilikuwa haijakazwa. Kata kipande cha waya kilichoungua hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, badilisha swichi, na ukaze upya. Kama ganda la waya limekuwa gumu au limelainika kwa urefu mrefu, waya ni mwembamba kuliko mzigo. Kama hita iliwekewa swichi ya taa ya ampea 10, au ilichomekwa kwenye soketi ya ampea 13 kwa plagi, jibu liko mbele yako: vifaa hivyo havikuundwa kubeba mzigo wa saa nzima kila siku.

Hitilafu ya waya mwembamba mara nyingi huja kwa mlango wa nyuma. Mwenye nyumba huondoa hita ya tangi na kufunga hita ya papo kwa papo, ile ya kichwa cha bomba la kuogea, kwa sababu ni ya bei nafuu. Ya kilowati 5.4 huvuta ampea 23.5. Breka ya ampea 16 inakata, na fundi "anatatua" kwa kuweka ya ampea 32 kwenye kebo ileile ya 2.5. Kebo hiyo ndani ya paipu ya ukutani huweza takribani ampea 24 hewa ikiwa ya nyuzi 30, lakini chini ya bati saa sita mchana dari hupita nyuzi 40, na uwezo wake hushuka hadi kama 21. Breka haitakata hadi waya uanze kuungua. Breka huchaguliwa kwa ajili ya kulinda waya, na waya huchaguliwa kwa mzigo. Kwa hita hiyo ya papo kwa papo, kebo ya milimita za mraba 6, breka ya ampea 32 na swichi ya poli mbili ya ampea 45 ndiyo seti inayolingana.

Vali ya usalama inadondosha

Vali hii ya shaba yenye kishikio kidogo hufanya kazi mbili: huzuia maji ya moto yasirudi kwenye bomba la baridi, na hufunguka shinikizo likipita kiwango kilichoandikwa juu yake, mara nyingi baa 8. Watu hushangaa kuiona ikidondosha wakati tangi la paa liko mita 4 tu juu yake, yaani shinikizo la baa 0.4. Sababu ni maji yenyewe. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa takribani asilimia 1.5, ambayo ni robo tatu ya lita. Njia ya kurudi imefungwa na vali, koki zimefungwa, na maji hayabanwi. Kwa hiyo shinikizo hupanda haraka na vali hutoa kile kilichozidi. Ikidondosha wakati wa kupasha tu na kukauka baadaye, ni nzima.

Ikidondosha muda wote, hata hita ikiwa baridi, inua kishikio mara mbili tatu ili maji yaondoe mchanga ulionaswa kwenye kikalio. Isipokoma, pima shinikizo usiku ikiwa nyumba inapata maji moja kwa moja kutoka mtaani au kwa pampu ya shinikizo; likizidi baa 5, kipunguza shinikizo cha baa 3 kifungwe mahali maji yanapoingia nyumbani. Shinikizo likiwa la kawaida, badilisha vali. Isiyodondosha kamwe, na ambayo kishikio chake hakiinuki, ndiyo inayopaswa kukutia wasiwasi, kwa kuwa chokaa imeshaifunga.

Nimeona tundu la vali likiwa limezibwa kwa plagi ya chuma na utepe, ili sakafu isilowe. Nimeona pia koki ya kufungia ikiwa imewekwa kati ya vali na tangi, jambo linalofanana na kuiziba. Mpangilio sahihi ni koki ya kufungia kwanza, kisha vali ya usalama ikiwa na mshale wake ukielekea kwenye tangi, kisha tangi bila kitu kingine katikati. Tundu la kutolea huungwa bomba linaloteremka mfululizo, linalostahimili maji ya moto, lisilo na koki, na ambalo mwisho wake uko wazi mahali unapoonekana na pasipoweza kumwagia mtu usoni.

Dalili moja haisubiri vipimo: koki ya maji moto ikitema mvuke, au tangi likinguruma. Themostati imeganda, na kikata joto cha pili kimeshindwa au kilirukwa na fundi kwa kipande cha waya. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na tangi likipasuka hugeuka mvuke kwa mara moja. Zima kwenye ubao wa breka, ondoa watu bafuni na kwenye chumba kilicho upande wa pili wa ukuta ule, usifunge wala kufungua koki yoyote ya hita, na uiache ipoe kwa saa kadhaa kabla ya fundi kuisogelea.